Kumjibu Mhakiki wa Pili

Mama yangu anauza sambaza Kituku, pale mitumbwi inapotia nanga Goma. Makala yangu ya kwanza ya isimu ilitokana na mazungumzo ya sokoni hapo, naye alikuwa mmoja wa wasemaji kumi na wawili niliowarekodi. Ndiyo maana maoni ya wahakiki yalipofika kwa barua pepe, niliyasoma kama mtoto kabla ya kuyasoma kama mwanafunzi.

Mhakiki wa Pili alikuwa na hoja tatu. Ya kwanza ilisema: "Mifano imejaa makosa ya Kiswahili. Mwandishi asahihishe *batu* iwe *watu*." Usiku huo niliandika jibu la hasira na sikulituma. Asubuhi nilifuata ushauri wa mwalimu wangu: nakili kila hoja kama ilivyo, bila kuifupisha, ipe namba, kisha andika chini yake umefanya nini na ni ukurasa gani. Barua inakwenda kwa mhariri, na mhariri ndiye anayeamua. Yeye hana haja ya kujua umeumia kiasi gani. Anataka kuona kwamba hakuna hoja uliyoiruka.

Nilianza na hoja ya pili, kwa sababu hapo mhakiki alikuwa na haki. Makala yangu ilihusu kiambishi *-aka*, kinachoonyesha mazoea: *banaletaka makala kutoka Minova*, yaani huleta mkaa kutoka Minova. Mhakiki aliuliza: msomaji atajuaje kwamba hicho si kitenzi *taka*? Nilicheka peke yangu. Shina *-let-* linaishia na *t*, kwa hiyo mfano wangu mkuu ulikuwa na utata ambao mimi, niliyezaliwa na lugha hiyo, sikuuona. Nilijibu: "Tunamshukuru mhakiki. Mfano wa 1 sasa ni *banauzaka*, ambamo *t* haipo. Tazama ukurasa wa 4."

Nilimpigia mama pia, nikamuuliza kama mtu anaweza kusema *banaletaka* kwa mzigo unaoshushwa sasa hivi. Akajibu: "Apana, mutoto yangu. Leo, *banaleta*. *Banaletaka*, ni kila siku." Niliwauliza wasemaji wengine watatu, nao wakatenganisha hivyohivyo. Jaribio hilo liliingia kwenye makala, na lisingeingia bila swali la mhakiki.

Hoja ya tatu ilisema kwamba *-aka* imekopwa kutoka Kilingala, na kwamba niseme hivyo waziwazi. Nilikuwa nimeandika kwamba ni urithi wa Kibantu. Kilingala kweli kina *nasalaka*, "mimi hufanya kazi". Lakini kiambishi cha aina hiyo, *-ag-*, kimeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Meeussen alikijumuisha katika sarufi yake ya Kibantu asilia ya mwaka 1967, Kinyarwanda kina *yakoraga*, na hata bara la Tanzania watu husema *anakujaga*. Hata hivyo Goma tunatamka *k*, si *g*, na hilo linampa mhakiki nguvu. Kwa hiyo sikuweza kukubali yote wala kukataa yote. Niliandika: "Tunakubali kwamba umbo lenye *k* linaelekeza kwenye Kilingala. Lakini lugha jirani zenye *-ag-* huenda zilirahisisha mapokezi yake, na data yetu haitoshi kuamua. Tumeondoa neno *urithi* na kueleza uwezekano wote miwili, ukurasa wa 9."

Ilibaki hoja ya kwanza. Hapo sikubadilisha mfano hata mmoja. Ila niligundua kwamba "hatukubaliani" pekee lisingetosha. Kukataa kunahitaji sababu ambayo mhariri anaweza kuipima, na pia kitu fulani utakachofanya kwa ajili ya msomaji aliyekwama. Niliandika: "Tunaelewa kwamba msomaji wa Kiswahili sanifu anaweza kusumbuliwa na maumbo haya. Hata hivyo *ba-* ilitumiwa na wasemaji wote kumi na wawili, na tukiandika *watu* tutakuwa tumeripoti kitu ambacho hakikusemwa. Tumebakiza mifano kama ilivyorekodiwa, tumeongeza tafsiri sanifu chini ya kila mmoja, na aya moja kuhusu unukuzi, ukurasa wa 3."

Nililisoma mara mbili, nikafuta neno "dhahiri" lililokuwa mbele ya sababu yangu. Kama ingekuwa dhahiri, mhakiki asingeuliza.

Mhariri aliikubali makala baada ya wiki sita, na *batu* ikabaki. Mhakiki wa Pili aliongeza sentensi moja tu: tafsiri zimemsaidia. Sijui ni nani. Nilimsomea mama mfano wa 1 kwenye simu, naye akauliza kwa nini mtu alipwe kuandika jambo ambalo soko lote linalijua. Nikamwambia hatulipwi.