Jawabu la Barua ya Kukataliwa

Mwezi wa Juni, mvua za masika zikielekea kwisha, hoteli moja ya Watamu ilimwandikia binti yetu kuwa nafasi ya mapokezi amepewa mwingine. Sisi wa Dabaso twaujua uzito wa barua hiyo. Hoteli nyingi hupunguza watu wakati wa masika na kuajiri kabla ya wageni wa Julai; aliyekosa mlango huo hungoja sana. Binti alilia, kisha akashika simu akaanza kuandika: "Naomba mnieleze kosa langu, kwani vyeti vyangu..." Tukamwambia, "Hiyo usiitume, mwanangu."

Mwajiri anapomchagua mmoja, wa pili na wa tatu hubaki katika orodha yake. Na huyo wa kwanza huenda asidumu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaruhusu muda wa majaribio wa hadi miezi 6, na ndani yake upande wowote waweza kuvunja mkataba kwa ilani ya siku 7. Katika siku 7 hakuna nafasi ya kutangaza kazi upya na kusaili watu. Meneja hufungua orodha, akampigia yule asiyeona haya kumpigia.

Kesho yake, hasira zimepoa, tuliketi naye akaandika hivi:

"Bi Meneja, asante kwa kunijulisha, na kwa muda mlionipa katika usaili. Nimeupokea uamuzi wenu. Mlivyoieleza zamu ya usiku kulinivutia, nami ningependa kufikiriwa nafasi ya namna hiyo itokeapo. Naridhia mhifadhi maelezo yangu kwa mwaka mmoja. Naweza kuanza siku 3 baada ya kuitwa, na simu yangu ni ileile."

Sentensi ya ridhaa si pambo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamkataza mwajiri kuweka maelezo ya mtu kupita muda wa haja yake, ila mwenyewe akiridhia. Asiporidhia, huenda karatasi zake zikafutwa.

Aliituma kama jibu la barua pepe ileile, ili maombi yake ya awali yaonekane chini yake. Kama barua ya kukataliwa ingetoka katika anwani isiyopokea majibu, angemwandikia aliyemsaili. Baada ya hapo hakuwasumbua. Aliandika tena mara moja tu, mwezi wa Agosti, alipomaliza mafunzo ya huduma ya kwanza.

Septemba simu ikalia. Aliyechaguliwa alikuwa angali kazini. Ila mfanyakazi mwingine wa mapokezi alikuwa akienda likizo ya uzazi, nayo kwa sheria ni miezi 3. Binti yetu aliitwa kushika zamu zake. Ni kazi ya miezi 3 tu, nasi hatuiiti zaidi ya hivyo. Lakini sasa meneja anamjua kwa kazi yake, si kwa karatasi pekee.

Ile barua ya kwanza ingali katika simu yake, haijatumwa.