Maji Yametulia Tuli, Halafu Yanakurukia

Wasee, leo tuongee kuhusu maikrowevu. Najua nusu yenu mnaishi kwa bedsita na hosteli ambako meko hairuhusiwi, kwa hivyo chai yenu, kahawa yenu na hata noodo zenu zinategemea hiyo mashine. Kuna kitu maji hufanya ndani yake ambacho hakuna mtu huwaambia.

Kuna ofisi nilikuwa naenda kurekodi video za biashara zao. Mama mmoja wa hapo, mwenye kuandalia watu chai, alitoa kikombe cha maji kwa maikrowevu, akatia kijiko cha kahawa, na maji yakaruka yote. Mkono ukaungua kutoka kwa vidole hadi karibu na kiwiko. Bosi akamwambia ni uzembe, eti aliangusha kikombe. Yeye akawa anasema, "Lakini hayakuwa yanachemka, yalikuwa yametulia." Watu wakacheka. Manze, hiyo sentensi yake ndiyo maelezo sahihi kabisa ya kilichotokea. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini fizikia ya kutosha kumtetea huyo mama ninayo.

Tuanze na sufuria, ndiyo tunaijua. Moto uko chini, kwa hivyo kitako cha sufuria ndicho kina joto kuliko maji. Hicho kitako kimejaa mikwaruzo ya waya wa kuoshea, na ndani ya kila mkwaruzo kuna hewa kidogo imenaswa. Maji yakifika joto la kuchemka, mvuke unaingia kwa hiyo hewa, kiputo kinavimba, kinang'oka, kinapanda juu. Kinaacha hewa nyingine nyuma, kiputo cha pili kinaanza. Ndiyo maana ukichungulia sufuria utaona viputo vinatoka sehemu zilezile kila mara, kama vile kuna mtu anavipuliza kutoka chini.

Sasa swali ni, mbona maji yahitaji hiyo hewa? Mbona yasichemke tu yenyewe?

Kwa sababu kiputo kidogo ni kigumu sana kuanzisha. Maji hujivuta pamoja, ndiyo maana tone huwa la duara. Ukitaka kutengeneza kiputo katikati ya maji, hayo maji yanakibana kutoka pande zote, na kadiri kiputo kilivyo kidogo ndivyo kinabanwa zaidi. Fikiria kupuliza baluni: pumzi ya kwanza ndiyo inakutoa jasho, ikishafunguka inakuwa rahisi. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hivyo maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Lakini chukua kiputo chenye upana wa nusu, yaani kutoka katikati hadi ukingoni, wa elfu moja ya milimita. Ukipiga hesabu, mvuke ndani yake utahitaji maji ya karibu digrii 120 ndiyo uweze kusukuma na kukua. Kiputo kidogo zaidi ya hicho kinahitaji joto zaidi ya hilo. Kwa hivyo bila mkwaruzo wenye hewa wa kukipa kiputo mwanzo mkubwa, maji yanaweza kupita digrii 95 na yakae tu, kimya, bila kuchemka.

Na maikrowevu ndiyo mahali pazuri pa hilo kutokea. Mawimbi yake yanapasha maji yenyewe moja kwa moja, si kikombe. Kikombe kinapata joto kutoka kwa maji, kwa hivyo ukuta wake ni baridi kuliko maji, kinyume kabisa cha sufuria. Pale ambapo kiputo kingeanzia, hapana joto la kutosha. Kisha kikombe chenyewe ni glasi au udongo uliopakwa kioo, laini, hasa kikiwa kipya. Ongeza hapo ile tabia yetu ya kupasha maji, kuyasahau, halafu kuyapasha tena yaleyale. Raundi ya kwanza ilishafukuza hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani na ile iliyonaswa ukutani. Raundi ya pili ndiyo hatari zaidi.

Hesabu yake ni ya kushtua, na si ngumu. Kikombe cha robo lita, mashine ya wati 700. Kutoka digrii 20 hadi 95 utahitaji kama dakika mbili. Sasa ongeza digrii 10 zaidi juu ya kuchemka: ni kama sekunde 15 hivi tu za ziada. Sekunde 15! Hizo ni zile unazobonyeza kwa sababu umeangalia na "bado hayajachemka."

Hizo digrii 10 hazipotei, zinangoja. Unapotia kijiko, sukari, kahawa au kijifuko cha majani, umeingiza maelfu ya vishimo vyenye hewa kwa mpigo. Kila kimoja ni mwanzo wa kiputo. Joto lililokuwa limezidi linageuza kama gramu nne na nusu za maji kuwa mvuke mara moja. Gramu nne na nusu ni maji ya kijiko cha chai, lakini yakiwa mvuke hapa Nairobi yanachukua nafasi ya kama lita 9. Yaani karibu mtungi wa lita 10, ndani ya kikombe cha robo lita, kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa macho mara kadhaa. Huo mvuke unabeba maji mengine yote ya moto unapotoka. Ndiyo yanayokupata usoni, kwa sababu ulikuwa umeinama ukikoroga.

Tusitishane pia. Si kila kikombe, na mara nyingi hakuna kinachotokea, kwa sababu vikombe vyetu vya zamani vimechakaa na vina mikwaruzo tele. Ndiyo maana mtu hufanya hivyo miaka mitatu bila shida, halafu ananunua kikombe kipya cha glasi.

Utajuaje? Alama ni ule utulivu wenyewe. Kama unajua kikombe chako huchemka kwa dakika mbili na leo kimekaa tatu, na juu maji yamelala kama kioo, hayo usiyaguse. Zima, acha mlango umefungwa dakika moja au mbili hivi, yapoe hapo ndani. Lakini bora usifike hapo: kabla ya kupasha, weka ndani kijiti safi cha mbao, kama vile vya aiskrimu, au tia kijifuko cha majani mapema (kisiwe na kile kipini cha chuma). Mbao ina hewa nyingi, viputo vitapata pa kuanzia. Na usipashe maji yaleyale mara ya pili bila kuongeza mengine mapya ya baridi.

Ukiungua, fungulia maji ya bomba ya baridi yatiririke hapo kwa dakika 20 nzima, na utoe pete na saa kabla mkono haujavimba. Usipake Kolgeti, usipake unga, wala yai. Ikiwa ni usoni, au ngozi imefanya malengelenge makubwa, enda hospitali hiyo siku.

Na bosi akisema ni uzembe, mwonyeshe hii.