Barua ya Wiki Sita

Butembo – Kijana anayeuzia depo moja sabuni alitoka upande wa Lubero akikimbia vita, na mshahara wake unalisha nyumba mbili. Wenzake wanauza katoni 30 kwa wiki. Yeye anafikisha 18. Mwezi uliopita mama mwenye depo alimwandikia barua: "Ongeza bidii, la sivyo utafukuzwa."

Kijana aliisoma mara mbili, akauliza: "Mama, bidii ni katoni ngapi?" Mama alikosa jibu.

Ndipo wakafungua kaye ya mauzo pamoja. Ilionyesha kwamba kijana anatembelea butiki 12 kwa siku, siku sita, yaani 72 kwa wiki. Kwa kila butiki nne, moja inanunua katoni. Anajua kuuza. Shida ni kwamba anazunguka karibu na depo tu, na anakwepa mtaa mmoja kwa sababu butiki tatu za huko zina deni lake.

Barua ya pili iliandikwa juu ya hayo. Wiki ya kwanza na ya pili: butiki 20 kwa siku, kila jina katika kaye. Katoni hazihesabiwi bado. Wiki ya tatu na ya nne: katoni 24 kwa wiki. Wiki ya tano na ya sita: katoni 28. Hawakuandika 30, maana butiki mpya huanza kununua kidogo.

Depo nayo iliandikiwa kazi yake: mama mwenyewe ataenda kudai yale madeni matatu katika wiki ya kwanza. Siku ambayo sabuni imeisha depo, ao barabara imefungwa, inaondolewa kwenye hesabu. Zikipotea siku mbili kati ya sita, katoni 24 zinakuwa 16. Bila mstari huo, kijana angehukumiwa kwa kosa la vita ao la depo.

Kila Ijumaa jioni wanakaa dakika kumi na kaye, wanaandika hesabu, wote wawili wanatia sahihi. Mwisho wa barua unasema wazi: akifikisha, barua inafungwa, akikaribia, anaongezewa wiki mbili, mara moja tu, akishindwa kabisa, mkataba utaangaliwa upya.

Hizo karatasi za Ijumaa zina uzito. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri awe na sababu halali kabla ya kuvunja mkataba usio na muda maalumu. Neno "bidii" halipimiki mbele ya mkaguzi wa kazi. Kaye yenye sahihi mbili inapimika, na inamlinda kijana pia.

Ijumaa ya kwanza kaye ilikuwa na butiki 19 kwa siku. Mama aliuliza ile moja iko wapi. Kijana akajibu: "Ni ya yule mwenye deni, mama. Ulisema utaenda wewe."

Jumamosi asubuhi mama alienda.