Mstari Mmoja Kwenye Faili

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka 2003, nami ni nesi wa zamu katika hospitali moja ya Uingereza. Nilipofungua faili la mzee wa kitanda cha dirishani nilikuta mstari mmoja: asifufuliwe, familia imeelezwa. Sahihi haisomeki, saa haikuandikwa.

Mzee alikuwa na miaka 81, moyo umechoka, figo zimeanza kugoma. Usiku ule nimonia ilimpandisha homa hadi akaniita kwa jina la marehemu mkewe. Daktari wa zamu alimpigia binti yake simu na kumwuliza: moyo ukisimama, tumfufue au tumwache? Binti akajibu mwacheni. Alipofika asubuhi macho yalikuwa yamevimba. Aliamini amemhukumu baba yake kifo.

Hakuwa na mamlaka hayo. Kwa sheria ya pale wakati huo, ndugu hawakuweza kukubali wala kukataa kwa niaba ya mtu mzima. Waliulizwa ili ijulikane mgonjwa mwenyewe angetaka nini. Lakini nani angemweleza hivyo, kwa simu, usiku wa manane?

Daktari bingwa, mama wa maneno machache, aliufuta mstari ule kwa kistari kimoja ili uendelee kusomeka, akatia tarehe na sahihi. Kisha akaniuliza kifaa cha kusikia cha mzee kiko wapi. Kilikuwa kabatini tangu alipolazwa! Tulimvalisha. Homa ilikuwa imeshuka, na mzee alijua yuko wapi na siku gani.

Daktari akavuta kiti. Akamweleza kwamba kufufua ni kukandamiza kifua kwa nguvu na pengine kupiga moyo shoti ya umeme, na kwamba kwa moyo kama wake tumaini la kurudi nyumbani baada ya hapo ni dogo mno. Akamwomba arudie kwa maneno yake. "Mtanivunja mbavu," mzee akasema, "halafu nife vilevile. Sitaki." Alasiri alimrudia, akamwuliza upya. Jibu halikubadilika.

Ndipo akaandika, nami nimesimama kando. Tarehe na saa. Kwamba mgonjwa ameelewa, amekumbuka, amepima na ameeleza uamuzi wake. Maneno yake kama alivyoyatamka. Kwamba binti amezungumza na daktari kwa ruhusa ya baba yake, na safari hii hakuombwa kuamua. Kwamba kufufua amekukataa mgonjwa mwenyewe, na daktari bingwa, ambaye jina na cheo chake viko chini, amekubali. Chini kabisa: dawa za nimonia, oksijeni na dripu ziendelee, uamuzi huu uangaliwe tena hali ikibadilika. Mstari huo wa mwisho niliupenda kuliko yote, maana niliwahi kuona wagonjwa walioandikiwa wasifufuliwe wakirukwa hata kwenye raundi.

Mzee alifariki siku ya tisa, alfajiri. Baadaye binti aliomba kuuona ukurasa ule. Daktari akamfungulia. Alipita maneno ya kitabibu bila kusimama, akaweka kidole palipoandikwa "Sitaki", akakiacha hapo muda mrefu.