Kaka alipotaka nyumba ya baba iuzwe

Kwa miaka saba ndugu wanne waliishi bila ugomvi na nyumba waliyoachiwa na baba yao Temeke, Dar es Salaam. Dada mkubwa alikaa uani na wanawe, vyumba vitano vya mbele vilipangishwa, na kodi waligawana. Hati ilibaki na jina la marehemu kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuigusa.

Mwaka 2023 figo za kaka yao zilishindwa kufanya kazi. Kusafisha damu mara tatu kwa wiki kulimaliza akiba yake, akataka nyumba iuzwe. Wenzake waliposita, alileta dalali na kupokea arubuni ya Sh2 milioni kwa mteja.

Alilazimika kuzirudisha. Mrithi mmoja hawezi kuuza nyumba ya wote, na mwenye jina kwenye hati alikuwa kaburini, hivyo hapakuwa na wa kusaini uhamisho. Wakaanza pale walipopaswa kuanzia tangu msiba: kikao cha familia, muhtasari uliosainiwa na wote, kisha maombi ya usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo. Aliteuliwa mdogo wao wa mwisho, ambaye hakuishi humo wala hakuwa na shida ya fedha. Akapewa miezi minne kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu.

Msimamizi alimwita mthamini aliyesajiliwa, maana dalali hutaja bei akiwaza kamisheni yake. Nyumba ikathaminiwa Sh120 milioni. Hapo dada akatoa risiti za bati alizoezeka mwaka 2019, Sh6 milioni. Kaka akamuuliza, "Na kodi ya vyumba unavyolala wewe, dada, nani amelipa?" Kikao kilivunjika usiku huo. Baada ya wiki mbili walikubaliana bati na kodi vifutane, kila mmoja abaki na Sh30 milioni. (Kwa familia ya Kiislamu hesabu ingekuwa nyingine, kwani mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike.)

Wangeshindwa kuelewana, mahakama ingeweza kuamuru nyumba iuzwe na fedha zigawanywe, na dada angehama. Badala yake, watatu walinunua fungu la kaka. Mdogo alikopa Sh12 milioni Saccos, zikalipwa siku ya kusaini. Sh18 milioni zilizobaki zinatoka kwenye kodi ya vyumba vitano, Sh500,000 kila mwezi kwa miezi 36, na katika muda huo wote watatu hawaoni senti ya kodi hiyo.

Mkataba uliandikwa na wakili na mke wa kaka akasaini pia. Kipengele kimoja aliomba kaka mwenyewe: akifariki kabla ya miezi hiyo kwisha, malipo yaendelee kwa mkewe na watoto, tarehe ileile.