Insha ya historia: toka "kisha" uende kwenye "kwa nini"

Wadogo zangu wa hapa Rusizi, mnaniletea insha zenu tuzisome pamoja kabla ya mtihani. Juzi tulikuwa na moja juu ya Kongo. Swali: kwa nini askari waliasi siku chache tu baada ya uhuru wa 1960? Tarehe zote zilikuwa sawa, ila karibu kila sentensi ilianza na "kisha" ama "halafu". Swali liliuliza kwa nini, insha ikajibu lini.

Insha kama hiyo haitupwi. Tuliandika matukio yake pembeni. Tarehe 30 Juni, uhuru. Tarehe 5 Julai, Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyeongoza jeshi, aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Maasi yakaanza. Lumumba akamfukuza Janssens na kumpandisha kila askari cheo kimoja, lakini maasi yakaendelea. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga.

Kwa kila tukio tukauliza: hili lilileta maasi, ama lilikuja nyuma yake? Katanga ilikuja nyuma, basi haiwezi kuwa sababu. Tukaitoa.

Ukabaki ubao. Wengi wanaishia hapo: Janssens aliwaudhi askari, wakaasi. Lakini angalieni, Janssens aliondoka na moto haukuzimika. Kwa hiyo ubao ulikuwa kiberiti tu. Kuni zilikuwa nini? Jeshi lilikuwa na askari zaidi ya 20,000, na siku ya uhuru hakukuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Raia walipata mawaziri wao, askari akabaki chini ya Mbelgiji yuleyule. Hata kile cheo kimoja hakikutosha, maana maofisa walikuwa bado Wabelgiji.

Sasa sentensi ya kwanza ya insha ikawa hivi: "Askari waliasi hasa kwa sababu uhuru haukugusa uongozi wa jeshi, maneno ya Janssens yanaeleza tu kwa nini moto uliwaka siku ile." Aya ya kwanza ikazungumzia maofisa, ya pili matumaini ya uhuru, ya tatu ubao. Ubao una tarehe, lakini umekuja mwisho, kwa kuwa uzito wake ni mdogo.

Mtego mmoja: kufuta "kisha" na kuweka "kwa hiyo", halafu kuendelea na hadithi ileile. Ili kujijua, simama kwenye kila "kwa hiyo" ujiulize: kivipi? Ukiandika "hakukuwa na ofisa Mkongo, kwa hiyo waliasi", bado hujaeleza. Ongeza kiungo kinachokosekana: askari aliona wenzake wa uraiani wanapanda, yeye akaambiwa hakuna kitakachobadilika. Hapo msomaji anaona jinsi sababu ilivyozaa tukio, na anaweza kukubali ama kukupinga.