Raundi Isiyo na Mabadilishano

Nilimkosesha alama nne msichana ambaye jibu lake lilikuwa sahihi, na nilifanya hivyo mbele ya wenzake.

Nilikuwa nikifundisha wanafunzi wa stashahada ya kompyuta jioni, katika chumba cha kukodi Makongeni, kwenye zile nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli. Siku hiyo niliwapa namba tano wazipange kuanzia ndogo: 38, 70, 52, 67, 41. Kwanza kwa viputo, halafu kwa uteuzi, wakionyesha kila raundi.

Viputo havikuwa na shida. Unalinganisha jirani na jirani, na mkubwa akitangulia wanabadilishana nafasi:

```
Raundi 1: 38 52 67 41 70   (3)
Raundi 2: 38 52 41 67 70   (1)
Raundi 3: 38 41 52 67 70   (1)
Raundi 4: 38 41 52 67 70   (0)
```

Mabadilishano matano. Raundi ya nne haikuhamisha kitu, lakini ndiyo inayothibitisha kwamba kazi imekwisha. Orodha ingekaribia kuwa sawa tangu mwanzo, raundi ya namna hiyo ingekuja mapema na tungeacha hapo.

Kosa langu lilikuwa kuihamishia kanuni hiyo kwenye uteuzi. Niliandika ubaoni kwamba njia zote mbili husimama raundi ikipita bila mabadilishano. Katika uteuzi, raundi ya kwanza hutafuta namba ndogo kuliko zote na kuiweka mwanzoni. Hapa ni 38, nayo ilikuwa tayari mwanzoni. Mabadilishano: sifuri. Kwa kanuni yangu, tunasimama, na 41 inabaki mkiani!

Msichana yule hakusimama. Raundi ya pili alibadilisha 70 na 41, akapata 38 41 52 67 70 kwa badilisho moja tu, kisha akaandika raundi ya tatu na ya nne ambazo hazikuhamisha chochote. Nikapiga mkasi mwekundu. Akasema kwa upole, "Mwalimu, lakini bado hazijapangika." Nikamwambia afuate kanuni.

Usiku nilipokuwa nikipanga karatasi zao kwa mkono kulingana na alama, nikakuta ya chini kabisa iko juu tayari, na zile za chini yake zimechanganyika. Mkono ukasita. Viputo hupitia kila jozi ya majirani, hivyo ukimya wao unaihusu orodha nzima. Uteuzi humlinganisha kila mmoja na mdogo aliyepatikana mpaka hapo. Ukimya wake unaeleza nafasi moja tu. Kwa namba tano, lazima raundi zote nne zikamilike.

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa ameniambia, tena akiitazama orodha yenyewe, nami nikitazama ubao.

Kipindi kilichofuata nilifuta kanuni ile mbele ya darasa, nikamwomba radhi kwa jina lake, nikamrudishia alama nne. Kisha nikamwomba aje ubaoni aifuatilie orodha ile upya, raundi kwa raundi, nami nikakaa kwenye benchi lake.